Neno Lililomuua Baba Mstari wa Pili

Ubeti ulikuwa umetimia, au nilidhani hivyo. Nilikuwa nimeuhesabu kwa vidole mara tatu, kila mshororo mizani 16, nane kushoto na nane kulia, vina vimepangana kama shanga. Nikaupeleka kwa shangazi yangu, ambaye jioni hukaa barazani akisuka ukili, nikamsomea kwa sauti:

Kapanda yake ngalawa, baba kaenda safari,
Mama kabaki mkiwa, akingojea habari,
Upepo umechukuwa, unavuma kwa hatari,
Mungu mwenye majaliwa, umrejeshe kwa kheri.

Shangazi hakuinua macho kwenye ukili wake. "Mwanangu," akasema, "huyo baba kafa lini?"

Nikamwambia hajafa, shangazi, yuko baharini anavua, mkewe ana wasiwasi tu. "Basi mbona umeshamfanya mama wa watu mkiwa? Mkiwa ni aliyeondokewa. Umemuua mume mstari wa pili, halafu mstari wa nne unaomba arudi."

Alisema kweli. Nilikuwa nikitafuta neno la mizani tatu linaloishia kwa "wa" na lenye maana ya mtu aliyebaki peke yake. "Mpweke" lilikuwa linakuja kinywani lakini haliishii kwa "wa". "Mkiwa" likanikalia vizuri: m-ki-wa, tatu kamili. Nikalipokea bila kuliuliza limetoka wapi. Siku zote nilikuwa nalihesabu kuwa ni kisawe cha mpweke, na kweli kuna mahali yanakutana. Ila mkiwa anabeba msiba mgongoni, naye mpweke si lazima awe nao. Mtu anaweza kuwa mpweke wiki moja kisha upweke ukamtoka. Ukiwa ni hali ya yatima na mjane.

Kwa msomaji ambaye shule ameiacha siku nyingi, nikumbushe kidogo. Shairi la kawaida la pwani, lile la mishororo minne katika ubeti, kila mshororo wake hukatwa vipande viwili. Cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao, na kila kipande huwa na mizani 8. Mizani ni idadi ya silabi. Mwisho wa ukwapi panakaa kina cha kati, mwisho wa utao kina cha mwisho. Ubeti ulioyumba katika hesabu hiyo au katika vina huitwa guni. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyaeleza mambo haya katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954, na waliotunga baada yake wengi wamepita mlango huo.

Ubeti wangu haukuwa guni. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, kwa sababu hesabu inaweza kutimia mia kwa mia huku maana imekwisha kuondoka bila kuaga. Vidole vinahesabu silabi, havijui kama baba yuko hai.

Nikarudi nao nyumbani, nikakaa nao siku mbili, nikiufumua kipande kwa kipande. Nieleze nilivyofanya, maana katika kuufumua nilijifunza zaidi kuliko katika kuutunga.

Nilianza na huo mkiwa. Mawazo ya kwanza ya mtunzi yeyote ni kutafuta kisawe kingine chenye umbo lilelile: mizani tatu, mwisho "wa". Nilipekua kichwani, nikapekua na Kamusi ya Visawe ya Mohammed A. Mohamed na Said A. Mohamed, ambayo ni rafiki mzuri wa mtunzi mradi asiiamini kupita kiasi. Sikupata. Hapo nikagundua kosa langu lilikuwa la mapema zaidi. Nilikuwa nimeng'ang'ania kwamba mwisho wa kipande lazima akae mama mwenyewe, nikawa namtafutia mama jina la kuishia kwa "wa". Kumbe nilichotaka kusema ni kwamba moyo wake haujatulia. Nilipolisema hivyo kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayemweleza jirani, likaja lenyewe: moyo wa mama si sawa. Hesabu: mo-yo, wa, ma-ma, si, sa-wa. Nane. Kina kipo, na neno "sawa" kila mtu analijua.

Hata hapo palikuwa na chaguo. Roho pia ni mizani mbili, na "roho ya mama si sawa" inatimia vilevile. Lakini roho katika Kiswahili chetu imeegemea upande wa uhai na wa tabia. Tunasema fulani ana roho mbaya, fulani kakata roho. Mtu akisikia roho ya mama si sawa anaweza kudhani mama yuko mahututi. Nimeshamponza baba, sikutaka kumponza na mama. Mtima ungependeza kwa masikio ya washairi, nao fuadi una harufu ya zamani, lakini yote mawili ni mizani tatu, yangenifikisha tisa. Ningeweza kulifinya neno jingine ili yaingie, ila kwa faida gani? Moyo ulikuwa umeshafanya kazi.

Hapa niseme jambo ambalo nimelishika tangu siku hiyo. Neno kuu la mstari, lile lililobeba maana yenyewe, lisiguswe ovyo. Likikataa kuingia, wasogezwe majirani zake. Majirani ni vile viungo vidogo ambavyo Kiswahili kimetujalia kwa wingi: ni, na, kwa, si, na viambishi vya wakati katika vitenzi. "Linapiga" ni mizani nne. "Lapiga" ni tatu, na bado wimbi linapiga. "Amepanda" ni nne. "Kapanda", kama tusemavyo pwani kila siku, ni tatu. "Mama yake" ni nne. "Mamake" ni tatu. Kufupisha namna hii washairi hukuita inkisari, na mtunzi mwenye busara huanza hapo kabla hajambadilisha mtu jina au chombo chake.

Chombo, kwa mfano. Mwanzoni nilikuwa nimeandika jahazi, kisha ngalawa, kwa kuwa mizani ni zilezile tatu na nilikuwa bado sijaamua kina. Kwa hesabu ni ndugu. Kwa maana, jahazi ni chombo kikubwa cha tanga kinachochukua shehena na mabaharia kadhaa kutoka bandari hadi bandari, na ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye matengo pande mbili ya kulizuia lisipinduke, analotoka nalo mvuvi na mwenzake mmoja alfajiri na kurudi mchana. Hofu ya mke wa mvuvi inatokana na udogo wa chombo. Ukimpandisha mumewe jahazi umemwongezea usalama bila kukusudia. Anayeandika dau kwa kuwa anahitaji mizani mbili tu, au mtumbwi kwa kuwa anataka kina cha "mbwi", amekwenda duka jingine kabisa.

Ndiyo maana nikarudi pia kwenye safari. "Baba kaenda safari" ni mizani nane, lakini safari kwa masikio yetu ni mizigo, ni siku nyingi, ni kuagana. Mvuvi huyu hakusafiri, alikwenda kazini. Neno nililolihitaji ni bahari, nalo limejaaliwa kina kilekile na mizani zilezile tatu. Tatizo ni kwamba mtu haendi bahari, anakwenda baharini, na baharini huishia kwa "ni". Ningeweza kulikata "ni" na kusingizia uhuru wa mshairi. Nikaona nibadilishe kitenzi: baba kashika bahari, kama vile mtu anavyoshika njia. Ba-ba, ka-shi-ka, ba-ha-ri. Safari ikaondoka, bahari ikakaa, na sarufi haikuumia.

Tukiwa kwenye hesabu, kuna mtego ambao umewanasa hata wakubwa. Neno "mbaya" lina mizani ngapi? Inategemea linamwelezea nani. Katika "njia mbaya" ni mbili, mba-ya, kwa kuwa m na b hutamkwa kwa mkupuo mmoja. Katika "mtu mbaya" ni tatu, m-ba-ya, kwa kuwa ile m ni ya ngeli ya mtu, inasimama peke yake kama m ya mtu mwenyewe. Vivyo hivyo ndizi mbovu na mtu mbovu. Anayehesabu kwa kutazama herufi atakosea. Anayehesabu kwa kutamka hakosei, na ndiyo sababu wazee walipima mashairi kwa kuyaimba.

Mstari wa tatu ndio ulionitoa jasho. "Upepo umechukuwa." Umechukua nini? Hakuna kitu. Nilikuwa nimelitafuta neno la mizani tano linaloishia kwa "wa", nikaliparamia la kwanza lililopita. Tena nimelighushi: neno ni kuchukua, mwisho wake ni "a" tupu, nami nimelipachika w ili lifanane na kina. Wapo watunzi wanaolikubali hilo, kwa hoja kwamba ulimi wenyewe hupitisha w kati ya u na a. Masikio yao nayaheshimu. Lakini huo mlango ukiufungua, kila kitenzi kinachoishia kwa "ua" kinageuka kina cha "wa", na kazi ya kutafuta neno inakwisha kabla haijaanza.

Nilijaribu kujiokoa kwa vitenzi vya kutendwa: ngalawa inapigwa, inatupwa, inazungushwa. Vyote vinaonekana vinaishia kwa "wa". Vitamke taratibu. Pi-gwa, tu-pwa, zungu-shwa. Kina ni silabi nzima, konsonanti zake zote na irabu yake; "gwa" na "shwa" si "wa". Jicho linadanganyika, sikio la mzoefu linasimama. Kina halisi cha "wa" kwa upande wa vitenzi kinapatikana kwenye pewa, chelewa, elewa, chukuliwa, na nomino zake ni kama ngalawa, kisiwa, dawa, njiwa, hewa, maziwa, na chewa, yule samaki.

Kuiandika orodha hiyo ndiko kulikonisaidia. Badala ya kuandika mstari kisha nihangaike na mwisho wake, niliyaweka mezani maneno ya "wa" yenye harufu ya bahari, nikaona kisiwa. Tayari nilikuwa na ngalawa. Kisiwa na wimbi havihitaji kutambulishana: wimbi lapiga kisiwa. Nane. Kama kina changu kingekuwa "mbi" ningekwama mapema. Kuna wimbi, kuna ombi, kuna dhambi na vumbi, na baada ya hapo mtunzi anaanza kupika tambi katikati ya dhoruba. Kina huchaguliwa kwa kuangalia kwanza kama ghala lake lina maneno ya jambo linalosemwa. Katika shairi la beti tano, ambapo kila ubeti waweza kuwa na vina vyake, unahitaji maneno manne tu kwa kina kimoja. Mtunzi wa utenzi hana nafasi hiyo. Kina cha mwisho wa ubeti hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kwa hiyo utenzi wa beti 300 unadai kina hicho kiitike mara 300.

Utao wa mstari huo ulikuwa "unavuma kwa hatari". Hatari ni jambo linalomngojea mtu, si namna ya kuvuma. Nikijaribu "wavuma hatari" najikuta nasema Kiswahili cha vijana wa kijiweni, ambapo hatari ni sifa: fulani anacheza hatari. Shari lilikuwa karibu kabisa, kina kilekile, mizani mbili. Wengi hulihesabu kuwa ni kisawe cha hatari au cha ubaya. Ila shari ina nia ndani yake. Ni ubaya wa mwenye kutafuta ugomvi. Upepo ukivuma kwa shari unakuwa kama mtu aliyeamka vibaya. Na hilo ndilo mke aliyesimama ufukweni anavyouona upepo.

Shari ikaniachia mizani moja zaidi ya hatari, nikaitumia kuupa upepo jina. "Upepo" ni mizani tatu zisizosema kitu. Kusi ni mizani mbili na linasema msimu mzima. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, na wavuvi wadogo wanalijua kwa ukali wake. Kwavuma kusi kwa shari: kwa-vu-ma, ku-si, kwa, sha-ri. Nane. Mtu wa bara anaweza kuuliza, je, ukikosa mizani si uweke kaskazi? Huo ni upepo mwingine, wa miezi mingine, unaotoka upande mwingine. Shairi litakalokuwa na kusi ubeti wa kwanza na kaskazi ubeti wa tatu, siku ileile, msomaji wa pwani atalicheka.

Sitaki nieleweke kwamba napinga maneno ya zamani au ya lahaja. Mtunzi wa Lamu akiandika mato kwa macho, au wa Mombasa akiandika ndia kwa njia, anasema lugha ya nyumbani kwao, na shairi zima limevaa nguo hiyo. Muyaka wa Mombasa hakuwa akikopa. Kinachokera ni shairi la Kiswahili sanifu kuanzia juu hadi chini, kisha ghafla limechomoza "mato" moja pekee, kwa sababu tu mstari uliotangulia uliishia kwa "mtoto". Msomaji wa Dodoma anadhani ni mito. Neno la lahaja likiingia liingie na jamaa zake.

Mstari wa mwisho nilidhani hauna neno. Shangazi alikuwa ameucheka lakini hakuniambia kwa nini, hadi nilipousoma mwenyewe kwa sauti usiku. "Umrejeshe kwa kheri." Kwenye karatasi ni dua njema. Masikioni, tena mwisho kabisa wa ubeti, sauti inaposhuka, ni kwaheri. Namwombea arudi huku nikimuaga.

Nilifikiria kumwita Mungu kwa jina la kina: tumlilie Kahari. Mizani zinatimia, kina kinatimia, na majina ya Mwenyezi Mungu ni ghala ambalo washairi wetu wamelitumia kuliko jingine lolote, kwa kuwa yapo ya kila urefu na kila mwisho: Mola na Rabi mizani mbili, Jalali, Karima, Manani na Razaki mizani tatu, Subuhana nne. Kwa sababu yote yanamtaja Mmoja, mtunzi huyachukua kama visawe kamili. Lakini kila jina lina sifa yake, na aliyekulia chuoni anaisikia. Razaki ni mtoa riziki. Kahari ni mwenye kushinda na kutiisha kila kitu. Kumwomba kwa jina hilo amhurumie mvuvi ndani ya ngalawa si dhambi, ila ni kubisha mlango usio wake. Mola, lenye maana ya bwana anayewamiliki wote kwa ulezi, linafaa, na mizani zake ni sawa na za Mungu.

Basi hatari, niliyoiondoa mstari wa tatu, ilikuwa bado mezani. Hapa ndipo mahali pake: umwepushe na hatari. U-mwe-pu-she, na, ha-ta-ri. Nane.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Moja ya hoja za waliomuunga mkono ilikuwa kwamba vina humlazimisha mtunzi aseme asichokusudia. Nikiutazama ubeti wangu wa kwanza siwezi kusema walikuwa wanasingizia. Nikiutazama wa pili naona jambo jingine: bila kile kina cha "ri" nisingeuliza tofauti ya hatari na shari, na upepo wangu ungebaki hauna jina.

Uliopatikana ni huu:

Ameipanda ngalawa, baba kashika bahari,
Moyo wa mama si sawa, akingojea habari,
Wimbi lapiga kisiwa, kwavuma kusi kwa shari,
Mola mwenye majaliwa, umwepushe na hatari.

Nilimsomea shangazi. Akasema sasa anamwona huyo mama. Kisha akauliza, "Na ngalawa ni ya nani?"

Maana mwanzoni nilikuwa na "yake ngalawa", nikaiondoa kwa kuwa hakuna mtu asemaye yake ngalawa nje ya shairi, nikaweka "ameipanda" ili sarufi inyooke. Sarufi imenyooka, na mali imepotea. Mvuvi mwenye ngalawa yake na mvuvi aliyeazima ya tajiri si mtu mmoja. Wa pili akizama, deni linabaki kwa mkewe. Nimejaribu kwa wiki mbili kipande cha mizani nane, chenye ngalawa, chenye mwenyewe, kinachoishia kwa "wa" bila kupindua maneno. Sijakipata. Msomaji mwenye nacho namwomba akilete.